Neno "Uzoefu"

Mchungaji Eliaichi aliandika rasimu ya tamko la viongozi wa dini kuhusu uchaguzi, akampelekea rafiki yake Shehe Mbaraka dukani kwake Karatu alipitie kabla halijasomwa redioni. Shehe alisoma polepole, kisha akairudia aya ya mwisho.

"Mchungaji wangu, hapa tunawaomba watu wachague mbunge mwenye uzoefu. Kati ya wagombea wetu, nani amewahi kuwa mbunge?"

Eliaichi aliisoma tena aya ile. Aliyewahi alikuwa mmoja tu, na ndiye ambaye yeye mwenyewe alimpendelea.

"Haki ya Mungu, sikukusudia."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mimi, kabla hawajakwambia waumini."

Wakaandika "mwadilifu". Kisha Eliaichi mwenyewe akasita kwenye maneno "tuombe makanisani na misikitini". Alimkumbuka jirani yao, bibi Nashilu, asiye wa kanisa wala msikiti, ambaye humwomba Mungu kwa mila za wazee wake kwenye boma la nyumba yake kila alfajiri. Wakaandika "kila mtu aombe kwa imani yake".

"Sasa tamko ni letu sote," alisema Shehe, akimmiminia chai.

"Na kura yangu, je?"

"Hiyo ni yako. Hata mimi usiniambie."

Wakacheka mpaka wateja wakageuka kuwatazama.