Kadi Aliyoifuta Yusta

Haya nimeyapata kwa Yusta mwenyewe, mwaka jana mwezi wa saba, nilipokwenda Iringa kupima macho nikalala kwake Kihesa siku nne. Baridi ilikuwa kali, tukawa tunakaa karibu na jiko, yeye anashona vifungo huku anasimulia. Nami nayaandika kama alivyoyasema, bila kumpunguzia.

Yusta ni fundi cherehani. Ana mashine moja ya kudarizi, ile inayochora yenyewe nembo kwenye sweta za shule, wewe unabadilisha nyuzi tu. Hiyo mashine ndiyo inayomsomesha binti yake Goodness, yuko chuo Mbeya. Basi Jumatatu moja umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, mashine ikatoa harufu kama ya nywele zilizoungua. Fundi wa mashine akaifungua, akamwonyesha bodi, kile kibao cha ndani kinachoiongoza mashine, imekuwa nyeusi upande mmoja.

Na juu ya meza zilikuwa sweta mia na ishirini za Bwana Himmat, mwenye duka la sare pale mjini. Alitaka nembo zote ziwe tayari Ijumaa ya wiki ya pili.

"Mama Goodness," Himmat alimwambia kwenye simu, "mimi sikutishi. Lakini wazazi wanakuja Jumamosi. Ijumaa jioni kama sina sweta, kazi hii na ya mwaka mzima nampa fundi wa Mbeya. Ameshanipigia mara mbili."

"Utazipata, Bwana Himmat."

"Nazipata lini?"

"Ijumaa."

"Haya. Mimi nakunywa chai nikikungojea."

Kazi ya mwaka mzima maana yake ada ya Goodness. Yusta alifagia chumba, akakaa, akainuka, akafagia tena palepale.

Bodi ya namna ile haikupatikana Iringa wala Mbeya. Goodness aliitafuta mtandaoni akaikuta kwenye duka moja la Nairobi, laki nne na sabini kwa hesabu ya kwetu, na mzigo unakuja kwa basi. Ila duka lile halipokei pesa ya kutumiwa kwa simu. Linataka kadi.

Kaka yake Yusta, Liberatus, analima mpunga Madibira, na wiki ile alikuwa kwake kwa ajili ya kutibiwa jino. Liberatus ana kadi ya benki. Anaibeba kwenye mfuko wa shati wa ndani, uliofungwa kwa pini.

"Kama ni kadi, ipo," alisema, ila mkono hakuupeleka kwenye pini.

"Iache hapo hapo, kaka. Yako ina pesa yote ya mpunga nyuma yake. Pendo wa kikundi chetu aliandika namba za kadi ya benki mtandaoni mara moja tu, kumbe amejiunga na kitu cha kulipia kila mwezi. Wakawa wanachota, yeye hana habari. Mimi natengeneza ya simu."

Hiyo kadi ya simu haishikiki mkononi. Ni namba tu, unaitengeneza ndani ya simu, unaiwekea kiasi unachotaka, na mtu hawezi kuchota zaidi ya ulichoweka. Katika kikundi chao wana mazoea: ukishanunua, kadi unaifuta siku hiyo hiyo. Wanasema ni kama kufunga mlango ukitoka.

Jumanne asubuhi Yusta alikuwa na laki tano kwenye simu. Akaandika namba za kadi, akabonyeza. Ikakataa. Akampigia Goodness.

"Mama, pesa umeiweka wapi?"

"Kwenye simu. Si salio naliona, laki tano."

"Hilo ni salio la simu. Kadi ni mfuko mwingine. Lazima utoe kwenye simu uingize kwenye kadi, ndiyo waione."

"Simu ni ileile moja."

"Simu moja, mifuko miwili, mama."

Akahamisha laki nne na sabini kamili, bila kuongeza hata mia. Ikakataa tena. Goodness akamwambia pesa inabadilishwa kwenda ya Kenya, pana makato ya kubadilisha, na kadi hii haikopeshi. Ikipungua kidogo tu inagoma. Akaongeza elfu ishirini. Ikapita. Yusta alishusha pumzi hadi Liberatus akacheka na jino lake linalouma. Kisha akarudisha kwenye simu chenji iliyobaki kwenye kadi, akabonyeza palipoandikwa "futa kadi", akakubali. Roho ikatulia.

Jumatano mchana ujumbe ukaja kwa Kiingereza. Akamtumia Goodness, Goodness akapiga akiwa darasani, anaongea kwa kunong'ona.

"Mama, bodi ile imekwisha, waliuza ya mwisho. Wanaomba radhi. Wana nyingine inayofanya kazi kwenye mashine yako, bei ileile, ila ulipe upya. Pesa ya kwanza wamesharudisha."

"Mbona haijaingia?"

"Wanarudisha kwenye kadi iliyolipa. Inachukua siku tano mpaka kumi."

Yusta akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Goodness akaacha kunong'ona.

"Mama. Kadi si uliifuta?"

"Niliifuta."

Siku ile chumvi iliingia kwenye mboga mara mbili. Kila simu ilipolia aliikimbilia, akakuta ni matangazo. Alitengeneza kadi mpya, akidhani pesa itaiona. Haikuiona, kwa sababu ilikuwa na namba nyingine kabisa. Alitoka nje, akaenda mpaka barabarani, akarudi hajui alifuata nini. Liberatus alimwangalia kutoka kwenye mkeka.

"Dada, utaichimba nyumba kwa nyayo."

Alhamisi ofisi ya kampuni ya simu haijafunguliwa, yeye yuko mlangoni. Dada aliyemhudumia aliitwa Jackline, kijana, mpole, anaongea taratibu kama anayemvisha mtoto viatu.

"Kamwene, mama. Umesema uliifuta lini?"

"Dakika ileile niliyolipa."

"Haya. Sikiliza. Ingekuwa kadi ya benki, ile ya kutoa pesa kwenye akaunti, hata kama ungeipoteza ukapewa nyingine, mara nyingi pesa ingerudi kwenye akaunti, maana nyuma ya kadi kuna akaunti. Hii yako ni ya kujaza. Nyuma yake hakuna kitu, kilichopo ni kile ulichoweka. Ukiifuta, pesa inarudi inakuta mlango haupo."

"Kwa hiyo imepotea?"

"Haijapotea. Ama itatua kwetu, isubiri ijulikane ni ya nani, ama itamrudia muuzaji. Kuitafuta nahitaji namba ya marejesho, muuzaji anayo. Na kitambulisho chako. Tukiipata tunaiweka kwenye salio la simu, siyo kwenye kadi."

"Lini?"

Jackline akaangalia kalenda badala ya kumwangalia yeye. "Mama, kabla ya Ijumaa ijayo siwezi kukuahidi."

Alitoka pale kama mtu aliyeamka ghafla. Kwenye simu ilibaki elfu kumi na kidogo. Alimwambia Goodness amwandikie muuzaji atume ile namba, na amwombe aishike ile bodi nyingine. Muuzaji akajibu: ataishika mpaka Ijumaa mchana.

Nyumbani Liberatus alikuwa amekaa, shavu limevimba. Yusta hakuomba. Alikaa upande wa pili wa jiko, akaanza kuzikunja sweta zilizokwisha kunjwa.

"Sema," Liberatus alisema.

"Sina la kusema."

"Unaogopa nitakataa, au unaogopa nitakubali?"

"Naogopa pesa ya mpunga. Ni ya mbegu."

Liberatus akapeleka mkono mfukoni. Kisha akafungua pini.

Ijumaa saa mbili walikuwa benki, maana kadi ilikataa walipojaribu nyumbani. Kadi za benki ile hazinunui mtandaoni mpaka mwenyewe aombe kufunguliwa. Liberatus akajaza fomu. Mhudumu akamuuliza anataka kiwango gani kwa siku.

"Laki tano. Isizidi hata shilingi."

Wakalipa wakiwa kwenye benchi palepale benki. Hapakuwa na kujaza wala kuhamisha. Namba za siri zikaja kwenye simu ya Liberatus, akazisoma moja moja kama anayesoma majina ya waliokufa, Yusta akaandika. Sekunde ileile ujumbe ukaingia: akaunti imepungua. Liberatus akautazama.

"Imetoka kwenye pesa yote, moja kwa moja."

"Ndiyo kadi yako ilivyo, kaka."

"Basi ifute."

"Hii haifutwi hivyo. Ukiifuta utakosa hata ya kutolea pesa. Rudi pale dirishani, mwambie afunge manunuzi ya mtandaoni tu. Na kule dukani tuliwakatalia wasiitunze namba, nimeangalia."

Alirudi dirishani mbele ya watu wote waliopanga foleni, akaomba samahani kwa kila mmoja, mkono shavuni. Yule mhudumu akafunga, akacheka kidogo, akasema mzee amefungua na kufunga ndani ya nusu saa.

Mzigo ulifika Jumanne kwa basi, saa nne asubuhi. Fundi akaweka bodi, mashine ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, sindano ikaanza kushuka. Yusta hakukaa mbali nayo siku tatu. Nembo moja dakika nane. Alizihesabu kwa dakika, siyo kwa sweta. Umeme ukiyumba, roho inayumba. Alinunua kifaa cha kuzuia umeme mkubwa kwa ile elfu kumi iliyobaki na nyingine ya kukopa kwa jirani. Ijumaa saa tisa alimfikishia Himmat sweta mia na ishirini, zimefungwa kumi kumi.

Himmat alichomoa moja, akaigeuza ndani nje, akavuta uzi.

"Fundi wa Mbeya nimwambie nini?"

"Mwambie chai imepoa."

Alicheka, akaandika kazi ya muhula mwingine kwenye daftari lake, na Yusta akaisoma mara mbili kabla hajatoka.

Lakini pesa ya kwanza ilikuwa bado haijarudi. Liberatus alikuwa amekwisha ng'oa jino, na bado hakwenda Madibira. Kila asubuhi aliuliza, kila jioni aliuliza, hata wakati wa kula. "Bado?" Yusta alisema bado. Namba ya marejesho ilikuwa imeshapelekwa kwa Jackline, ambaye alijibu simu zote bila kuchoka. Aliwaambia pesa imetua kwao, inangoja kuthibitishwa.

Jumatano, jua bado halijazama, simu ikalia. Yusta akaitazama akiwa amesimama, kisha akakaa chini kabisa sakafuni. Laki nne na themanini na mbili, kwenye salio la simu. Pungufu kidogo kwa ajili ya kubadilishwa kwenda na kurudi. Hakungoja. Akaitumia yote kwa Liberatus, iende kwenye akaunti yake ya benki, na kilichopungua akaahidi kukimalizia Himmat akilipa.

Liberatus aliusoma ujumbe wa benki, akaizima simu, akaiwasha, akausoma tena. Kisha akaifunga kadi kwenye mfuko wa ndani, akafunga pini, akasema kesho anaondoka na basi la kwanza.

Walikula mapema. Yusta aliinamisha kichwa juu ya sahani, akasinzia na kijiko mkononi, Liberatus akamwondolea sahani na kumfunika kitenge. Yeye alikaa kidogo, akipapasa pini kwa kidole, mara moja, mara mbili. Halafu mkono ukadondoka juu ya mkeka, akalala.