Dakika Nane kwa Mwendo wa Mama Mkwe

Dalali yule walimwita Sana, na jina halikumwonea. Kwake chumba hakikuwa kizuri, kilikuwa kizuri sana. Mtaa ulikuwa salama mno. Na choo ambacho mlango wake umeegemezwa kwa tofali kilikuwa cha kisasa kabisa. Mdomo ndio jembe langu, alikuwa akisema, na hakuna anayelima kwa kunong'ona.

Basi jembe hilo lilikutana na jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa nyumba ya mama mkwe wake. Miezi minne ilikaa tupu. Watu walipiga simu, wakaja, wakaingia, wakatoka, wakasema watarudi. Hakurudi hata mmoja. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa amehamia kwa binti yake ili nyumba ipate mpangaji, alivumilia weee, mpaka jioni moja akaweka kikombe chake chini taratibu.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "Jumamosi jua likitua na nyumba bado iko tupu, naipeleka kwa yule dalali wa ofisi ya vioo. Usininunie."

"Siwezi kukununia, mama."

Alikuwa ameshanuna tayari. Dalali aliyeshindwa kupangisha nyumba ya mkwewe ni kama kinyozi ambaye wanawe wananyolewa kwa mwingine. Nani tena atampelekea kichwa chake? Mtaa mzima ungejua kabla ya Jumapili.

Mke wake alifanya kazi kwenye dirisha la matangazo la gazeti dogo la mji, lile linalotoka kila Alhamisi. Usiku ule ule Sana akamkabidhi tangazo jipya: nyumba nzuri sana, kubwa sana, tulivu kabisa, maji ya uhakika kweli kweli, karibu sana na kituo cha basi. Mke akalisoma huku akitafuna penseli.

"Mume wangu, unajua wiki hii ni wangapi wameandika 'nzuri sana'?"

"Wangapi?"

"Wote. Hata yule anayeuza mbuzi chongo."

Sana akacheka, lakini mke hakucheka. Alikata "sana" ya kwanza, akakata ya pili, akaendelea, na kila mstari wa penseli ulimuuma mumewe kama vile anakatwa yeye kucha.

"Maneno hayo yanatia uzito!" akalalamika.

"Yanakutia wewe uzito. Msomaji anahisi unamsukuma, basi naye anajishikilia mlangoni. Na anayeandika hivi namwona tena dirishani wiki inayofuata, na inayofuata. Kubwa sana ni kubwa kiasi gani? Andika kitu ambacho mtu akifika atakipima mwenyewe."

Kesho yake wakaenda kwenye nyumba wote watatu, mama mkwe akiwemo, na mkanda wa kupimia. Chumba kikubwa, wakakuta, kinaingia kitanda cha futi sita kwa sita, na kabati, na mlango bado unafunguka wote. Tangi lilikuwa la lita elfu mbili. Bomba, alisema mama mkwe, hutoa maji Jumanne na Ijumaa, na wao walipokuwa watu watano humo ndani tangi halikuwahi kukauka kabla ya siku ya maji. Sana aliandika akiwa ameanza kuchangamka. Miezi minne ameinadi nyumba hii, kumbe hakuwa akiijua.

"Kituo, dakika tatu," akasema. "Nimepima mwenyewe asubuhi."

"Kwa miguu ya nani?" mama mkwe akauliza.

"Yangu, mama."

"Miguu yako hiyo ya kukimbilia kamisheni! Mpangaji atatoka sokoni na mzigo, ataona dakika tatu zimepita na nyumba yenyewe bado haionekani, atasema, kama wamenidanganya hili, na tangi pia ni uongo. Shika kikapu."

Akashika. Viazi, nazi mbili, na mafuta ya kupikia. Wakatembea kutoka kituoni hadi nyumbani kwa mwendo wake mama, naye alikuwa na kawaida ya kusimama kumsalimia kila mtu. Safari ya kwanza ikawa dakika kumi na mbili. Sana, jasho likimtoka, akasema salamu hazihesabiwi, basi wakarudi kituoni kuanza upya, safari hii bila salamu. Dakika nane. Mama mkwe akaridhika, Sana akasugua mabega.

Hapo ndipo msumeno ulipolia. Karakana ya seremala iko ukuta kwa ukuta na nyumba ile, na mashine yake ikiwashwa, hata mtu akipiga kelele unamwona midomo tu. Wateja wote wa miezi minne waliusikia msumeno huo wakiwa wamesimama sebuleni. Mmoja alimuuliza Sana usoni, "Hii ndiyo tulivu kabisa?"

"Liandike na hilo," mke akasema sauti ilipotulia.

"Nitangaze kelele? Kwa pesa yangu?"

"Wanaokuja wataisikia tu. Hujaificha, umewapotezea nauli. Nenda ukamuulize seremala anawasha saa ngapi, anazima saa ngapi."

Sana alikwenda kwa shingo upande. Aliporudi aliandika kwa mkono mzito, na Alhamisi tangazo likatoka: Nyumba ya kupanga. Vyumba viwili, kikubwa kinaingia kitanda cha sita kwa sita na kabati. Tangi lita elfu mbili, bomba Jumanne na Ijumaa. Kituo cha basi dakika nane kwa mwendo wa bibi mwenye kikapu. Jirani ni karakana ya seremala: msumeno saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, Jumapili umezimwa.

Zamani tangazo lilimletea simu ishirini. Mara hii, Alhamisi nzima, simu haikulia. Ijumaa ikalia mara moja, na mpigaji akauliza kuhusu mbuzi. Sana akamtazama mkewe kwa jicho ambalo halikuhitaji maelezo. Roho ilikuwa juu juu.

Jumamosi asubuhi akaja mwanamke mmoja na sanduku jeusi lenye umbo la ajabu. Hakuitazama hata nyumba, alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa karakana akaweka sikio.

"Mmeandika saa mbili hadi kumi na moja. Ni kweli?"

"Kweli kabi..." Sana akajing'ata. "Muulize seremala. Yule pale."

Akamuuliza. Akarudi anatabasamu, akafungua sanduku, akatoa tarumbeta.

"Nafundisha hii. Nimefukuzwa nyumba tatu, kila dalali akiniambia majirani ni wapole sana. Hapa wanafunzi wangu watapuliza mchana wote, na hakuna atakayetusikia. Jioni nami napenda kimya."

Msumeno ukawaka. Akapuliza. Midomo ilitanuka, mashavu yakajaa, na Sana hakusikia kitu. Hakuwahi kuona muziki mtamu kama ule. Kabla ya adhuhuri funguo zilikuwa mkononi mwa mwalimu.

Jioni mama mkwe alikuwa chumbani akifunga mizigo. Alikuwa akienda kukaa siku chache kwa dada yake, na alikuwa naye kwenye simu. Sana akapita na maji ya kunywa, akasikia akitajwa, akasimama. Alijua kinachofuata: mkwe wangu ni mzuri sana, kama wanavyosema watu wote kuhusu wakwe wasiowapenda.

"Mkwe wangu?" alisema mama. "Alinibebea kikapu juani kutoka kituoni mara mbili, dada, na ile ya pili ni kwa sababu hakutaka kuandika uongo."

Sana alisimama pale mlangoni, mtu wa maneno mengi, na machozi yakamtoka kwa furaha.