Shukrani kwa Injinia Raafat

Nashwa aliandika posti yake ya kuaga akiwa jikoni, amesimama, bamia zikichemka kwenye nyanya na simu ikiegemea kopo la chumvi. Hakuwa mtu wa kukaa chini kuandika. Alikuwa na kanuni zake za posti kama hizi, na alizifuata kama anavyofuata kipimo cha mchele. Mkubwa anatajwa kwanza, hata kama humpendi. Hasahauliwi mtu, maana aliyesahauliwa atakununia mpaka harusini kwa mwanao. Machozi yasizidi mistari miwili. Na mwisho utani mmoja mwepesi, ili watu wasije wakadhani umefukuzwa.

Aliiacha wazi kwa kila mtu aione, si marafiki peke yao. Watu wa Kuwait waliomwajiri walikuwa wakipitia ukurasa wake wa Facebook, na alitaka waone mfanyakazi anayeondoka kwa wema.

Akaiandika hivi:

"Leo nimefunga droo yangu kwa mara ya mwisho. Miaka minne na watu wa lifti! Asante Injinia Tharwat, ulinipokea nikiwa sijui kutofautisha kamba ya lifti na kamba ya kuanikia nguo. Asante Shaimaa, dada niliyempata bila mama kuzaa tena. Asante Hamdi na mafundi wote, mlionifundisha kwamba 'niko njiani' maana yake bado uko kitandani. Na asante ya pekee kwa mkaguzi wetu mkuu, Injinia Raafat Habib, ambaye kwa miaka yote hii sijamwona kwa macho, ila kiti chake kimebeba birika letu la chai bila kulalamika. Injinia, popote ulipo, ofisi nakuachia. Siku ukija kazini jitambulishe mlangoni, wasije wakakupa chai ya mgeni."

Akaweka picha ya sinia la basbusa, keki ya shira, waliloletewa asubuhi, wote wamelizunguka, kisha akawatagi mmoja mmoja. Raafat hakuwa na ukurasa wa kutagiwa.

Tharwat, mwenye kampuni, alikuwa wa kwanza kuweka moyo. Alifanya hivyo upesi mno kwa mtu aliyesoma mpaka mwisho. Wakubwa husoma mpaka pale jina lao lilipo. Nyuma yake vikamiminika vicheko. Hamdi, fundi mkubwa, aliandika, "Mama Jumana, unatuacha na nani? Na birika umemwachia nani?" Shaimaa akaandika, "Raafat amenituma, anasema utalipia kiti." Nashwa alimjibu kila mtu, kwa jina, maana posti ya kuaga isiyojibiwa ni kama mlango uliofungiwa wageni.

Akapakua bamia. Akamwita binti yake, Jumana, aje ale. Aliporudi kwenye simu, chini ya vicheko vyote palikuwa na maoni mapya, hayana kicheko.

"Mimi ni Irini Raafat Habib. Baba yangu alikuwa mhandisi wa lifti hapa Iskanderia. Tulimzika miaka sita iliyopita. Nyie mnamzungumzia nani?"

Nashwa alisoma mara mbili. Kijiko alichoshika akakiweka kwenye kikombe cha maji badala ya sahani.

Kila mtu ofisini alijua kwamba Raafat haji. Ulikuwa utani wa tangu kabla Nashwa hajaajiriwa. Mfanyakazi mpya alitumwa akamsalimie Injinia Raafat, akakuta birika. Nashwa naye alitumwa siku yake ya kwanza. Walichojua wote, au walichodhani wanajua, ni kwamba mzee yuko kwake mtaa wa Sidi Gaber, amestaafu, anaikodisha kampuni jina lake na muhuri wake, maana bila mhandisi aliyesajiliwa kampuni hairuhusiwi kugusa lifti ya mtu, na Tharwat ni injinia wa kuitwa tu. Nusu ya maduka ya dawa mjini yanaendeshwa hivyo hivyo, kwa jina la mfamasia asiyefika. Mtu hakosi usingizi kwa jambo ambalo kila mtu analifanya.

Lakini huyo wa kukodisha jina angalau yupo. Unaweza kumpigia simu.

Simu ikaita. Alikuwa Shaimaa, anahema kama aliyepanda ngazi.

"Umeona? Futa, shoga! Futa sasa hivi!"

"Ulikuwa unajua?"

"Nijue nini mimi? Nilijua unachojua wewe. Kuna mzee mahali anakula pesa za bure. Nani aliniambia ni maiti? Futa kwanza, tutalia baadaye."

"Wewe umefuta maoni yako?"

"Nina watoto, Nashwa."

Nashwa akaangalia. Kweli, maneno ya Shaimaa hayapo. Vicheko vilikuwa vinapungua mbele ya macho yake, kimoja, kingine, kama watu wanaotoka kimya kwenye ukumbi baada ya kusikia harufu ya moshi. Moyo wa Tharwat haupo. Jina lake, lililokuwa la buluu, limegeuka jeusi: amejiondoa kwenye tagi. Kuifuta posti yenyewe hawezi. Hiyo ni mali ya aliyeiandika.

Ndiyo maana alipiga simu.

"Binti yangu," alisema Tharwat, sauti laini. "Umeniharibia kahawa."

"Pole, Injinia."

"Si kitu. Kila mtu hukosea akiwa na furaha. Karatasi yako ninayo hapa mezani, imebaki muhuri tu. Watu wa Kuwait wanaisubiri, sivyo?"

Mama yake Nashwa alimwonya: chukua karatasi kwanza, ndipo ukaage. Bila karatasi ile ya kusema ameondoka kwa amani na hadaiwi kitu, kazi ya Kuwait hakuna, na nafasi yake ya zamani imeshapewa mtu mwingine.

"Utaifuta hiyo posti," Tharwat aliendelea. "Halafu utamwandikia huyo msichana kwa adabu. Umechanganya majina, huyo ni Raafat mwingine. Umpe pole ya baba yake. Jumapili unakuja, unachukua karatasi, tunakunywa chai."

"Na nisipofuta?"

"Sasa unanitania mimi?" Alicheka kidogo. "Ripoti za kila mwezi alikuwa anazichapa nani? Picha ya saini alikuwa anaibandika nani? Si wewe, mwanangu? Na leo umeandika kwa mkono wako, mbele ya mji mzima, kwamba mtu huyo hujawahi kumwona. Mimi nakulinda. Hulioni hilo?"

Aliliona. Utani wake, mistari michache tu, ulikuwa umegeuka ungamo. Lakini alikuwa amekumbuka jambo lingine.

"Injinia, lile jengo la mtaa wa Asafra. Hamdi alisema breki ya lifti haimpendezi, ikaguliwe kabla ya kuwashwa. Wewe ukaniambia Raafat ameenda mwenyewe wiki iliyopita, ameipitisha. Ukaniambia nichape."

Upande wa pili redio ilisikika, mtu anasoma Kurani kwa utulivu.

"Lifti ya Asafra," Tharwat alisema, "inapanda na inashuka. Inapanda na inashuka, Nashwa. Basi. Futa."

Akakata.

Jumana alikuwa anachovya mkate kwenye mchuzi wa bamia na kuuliza kama Kuwait kuna bahari. Nashwa akasema ipo, kula. Alikuwa ameshafungua kile kidude cha pembeni ya posti, na simu ilikuwa inamwuliza kama ana hakika anataka kufuta. Akifuta, kila kitu kinakwenda pamoja: basbusa, asante, vicheko, na swali la Irini. Itakuwa kama vile mtu huyo hakuuliza.

Akatoka pale bila kubonyeza. Akampigia Hamdi.

"Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Hamdi!"

"Haya, niko kitandani. Mgongo unaniuma. Nini tena? Umeona yule msichana alivyoandika? Nywele zimenisimama."

"Breki ya Asafra. Nani aliikagua?"

Godoro lilisikika likilia. Hamdi alikuwa ameketi.

"Tharwat alisema Raafat ameipitisha. Nikajua ametafuta mhandisi mwingine, jina ni la karatasini tu. Nikaiwasha."

"Ulimwona huyo mhandisi mwingine?"

"Hapana."

"Bawabu alimwona?"

"Ee Mola."

"Nenda ukaizime."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Wewe si umeacha kazi leo?"

"Ndiyo maana nakuamuru. Vaa viatu."

Kisha Nashwa akakaa. Safari hii alikaa kweli, akavuta kiti. Akafungua posti ile ile sehemu ya kuhariri. Alijua jinsi inavyofanya kazi: maneno ya zamani hayapotei, anayetaka huyaona, yaliyoandikwa kwanza na yaliyobadilishwa. Vizuri. Asije mtu akasema ameficha. Aliacha asante zote zilivyokuwa, hata ya Tharwat. Akaondoa utani wa kiti na birika, na mahali pake akaandika:

"Hapa niliweka utani kuhusu Injinia Raafat Habib. Namwomba radhi binti yake. Sikujua kwamba amefariki. Nilijua kwamba haji, na hata hivyo nilichapa ripoti kwa jina lake, kila mwezi, tangu nilipoajiriwa. Hakuna lifti niliyoichapa kwa jina lake ambayo yeye aliikagua. Mnaokaa jengo la Asafra lililo nyuma ya duka la mikate la Nur, msipande lifti. Fundi anakuja."

Alisoma mara moja. Kuwait wangeiona nao. Akabonyeza.

Hakuna aliyeweka moyo. Kwa muda mrefu posti ilikaa pale, nyeupe, na Nashwa aliosha vyombo akiitazama kwa pembe ya jicho. Ujumbe wa Tharwat uliingia: "Karatasi usiifuate. Wakili wangu atakutafuta." Ukafuata mmoja wa Shaimaa, alama ya moyo uliovunjika, na sekunde chache baadaye ukafutwa. Irini aliandika neno moja tu, "Asante." Nashwa hakujua kama ni asante ya wema au ya hasira.

Adhana ya isha ilikuwa imekwisha Hamdi alipopiga. Nyuma yake palikuwa na watu wengi, wanaongea kwa pamoja, sauti ya mwanamke mmoja ikizidi zote.

"Nimezima," alisema. "Wamenitukana mpaka babu yangu. Kuna bibi kutoka ghorofa ya tisa ameketi kwenye ngazi, anasema nimpandishe mgongoni."

"Na breki?"

"Imelika. Chuma kwa chuma, mama Jumana. Sijui ilikuwa inashika na nini." Akashusha sauti. "Sikiliza. Hii ni moja. Zile nyingine alizopitisha Raafat, nianzie wapi?"

Nashwa alifungua posti. Sasa ilikuwa imejaa, lakini hapakuwa na jina hata moja analolijua. Waliisambaza watu wasiomjua, wakaipeleka kwa wasiowajua wao.

"Na jengo letu, Sidi Bishr, mtaa wa nyuma ya reli?"

"Mtaa wa Kleopatra, jengo la njano. Kibao ndani ya lifti kina jina hilo hilo. Nijibu tafadhali."

"Dada, mume wangu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Na letu?"

Alijaribu kukumbuka. Alikuwa amechapa majengo mengi mno, mengine akiwa anaongea na simu, mengine akinywa chai. Akavuta pumzi, akaweka kidole kwenye ubao wa herufi, akaanza na la kwanza.

"Ndiyo. La kwenu pia."