Kosa Halikuwa la Vidole

Mjukuu wangu Chemutai aliniambia mapema: "Gogo, siku ya harusi yangu, somo kanisani utasoma wewe."

Nilizaliwa sioni. Nilikaa shule ya wasioona madarasa manne tu, lakini breli naisoma kama mtu anayekunywa uji uliopoa.

Wiki sita kabla ya harusi, niliteleza kwenye mteremko wa majani chai, kisogo kikagonga jiwe. Hospitalini wakanipiga picha ya kichwa. Daktari kijana akasema, "Ubongo kwa nyuma umeumia na umevimba kidogo. Hapo ni mahali pa kuona, kwa hivyo wewe, mama, hujapoteza kitu."

Tulicheka mpaka nyumbani.

Jioni nikafungua somo langu. Nukta nilizisikia kabisa, lakini zilikuwa kama punje za wimbi zilizomwagika mezani. Hakuna herufi.

Mzee wangu Johana akatoa hukumu: "Ni kuchuma chai. Vidole vimekuwa vigumu kama kwato. Loweka kwa maziwa ya moto."

Nikaloweka wiki mbili. Paka alinipenda sana. Breli ilikataa.

Hata maneno mengine yalinikimbia. "Chemutai, hiyo chai, hebu i... ile kitu!"

"Niimwage, Gogo?"

"Uimwage kwa nini? Uichuje!"

Chemutai akanishika mkono mpaka shambani. "Chuma, nione."

Nikachuma majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, mpaka kikapu kikajaa. Chemutai akakimwaga mbele ya babu yake. Hakuna jani gumu hata moja.

"Babu, vidole viko sawa. Tunarudi hospitali."

Safari hii tulimpata Daktari Mwihaki, mama wa mambo ya ubongo. Akaniuliza nilikosa kuona tangu lini. Nilipomwambia tangu kuzaliwa, akashika ile picha.

"Kwa mtu kama wewe, sehemu ya kuona haikai bure. Inachukua kazi nyingine. Inasaidia kusoma kwa vidole, hata kutafuta maneno. Ngozi yako inasikia nukta vizuri. Iliyoumia ni ile sehemu inayozigeuza kuwa herufi."

"Kwa hivyo nimepoteza kitu," nikasema.

"Ndiyo, mama. Wangekuuliza kwanza kama unasoma."

"Na nitarudi kusoma?"

"Uvimbe ukiisha, huenda. Siwezi kuahidi. Jaribu kidogo kila siku."

Nilijaribu kila asubuhi baada ya kukamua ng'ombe. Siku ya kumi nikapata herufi moja. Wiki iliyofuata, neno. Johana aliomba msamaha kwa paka, si kwangu.

Siku ya harusi nilisoma polepole mpaka wapishi wakatuma mtu kuuliza kama pilau ingoje. Kwa neno la mwisho kidole kilienda, kikarudi, kikaenda tena.

Chemutai akanong'ona, "Gogo, nikusaidie?"

"Nyamaza, bibi harusi. Mimi si wa haraka."

Kidole kikarudi tena, na neno likaja lenyewe. Nikalisema kwa sauti: "Pendaneni."

Vigelegele vikaanza. Johana ndiye aliyepiga makofi ya kwanza, nayajua makofi yake.