Barua Iliyoaga Kabla ya Safari

Shangazi yangu ni fundi wa vifaa vya hospitali. Ana miaka kumi na nne katika karakana ile iliyo nyuma ya chumba cha kufulia, na wauguzi wote humwita Bisibisi, kwa sababu hata akienda harusini bisibisi imo mkobani. Mimi nafanya usafi katika hospitali hiyohiyo na ninaishi kwake, kwa hiyo barua ile niliifuata tangu mstari wa kwanza mpaka muhuri.

Ilikuwa barua ya kuomba mafunzo ya mwaka mmoja, nje ya nchi, kwa watu walio katikati ya kazi zao. Si ya kutafuta shahada. Wanachukua mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka mingi, wanakaa naye, anajifunza lile linalomkwamisha, kisha anarudi. Fomu ilitaka barua ya kurasa mbili ijibu mambo matatu: unafanya nini sasa, unataka kujifunza nini ambacho ulipo hukipati, na ukirudi utafanya nini. Pamoja nayo, mkuu wako wa kazi aandike kwamba anakuruhusu na kwamba nafasi yako itakungoja. Bila karatasi hiyo ya mkuu, fomu yenyewe ya kwenye kompyuta haikubali kutumwa. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana, na umri wa mwisho ni miaka arobaini na mitano. Shangazi alikuwa nayo kamili. Hakukuwa na mwakani.

Mume wake ni mwalimu wa sekondari, mtu anayependa maneno yenye uzito. Jumapili nzima walikaa mezani, Shangazi akisema na yeye akiandika, ila nilivyosikia mimi, Shangazi alisema kidogo na mwalimu akaandika sana. Shangazi akitaja kutengeneza mashine, karatasi inasema kuleta mageuzi katika sekta. Ilipofika sehemu ya ukirudi utafanya nini, Shangazi alisema atarudi karakanani. Mwalimu akaweka kalamu chini, akamwambia kwa upole kwamba hakuna mtu atakayemsafirisha kwa ndege ili arudi karakanani. Ndipo ikazaliwa Taasisi ya Kitaifa ya Teknolojia ya Tiba, yenye makao makuu katika mji mkuu, na Shangazi akiwa mkurugenzi wake.

"Mkurugenzi mwenye grisi kwenye kucha," Shangazi alisema, lakini nilimwona ametabasamu. Nami niliendelea kuchambua mchele. Watu wawili wenye vyeti wakizungumza, mimi wa darasa la saba naona bora nisikilize hadi nielewe.

Jumatano asubuhi aliipeleka kwa Daktari Mkuu. Haikupita nusu saa akarudi karakanani na barua mkononi, akaketi juu ya kreti bila hata kuangalia kama ina vumbi. Nilikuwa napiga deki. Nikamuuliza kama Daktari hayupo.

"Yupo. Ameisoma yote, mara mbili. Halafu ameniuliza kama nimemwomba ruhusa au nimekuja kumuaga."

Akanieleza. Daktari alisema hawezi kuandika kwamba nafasi itamngoja mtu aliyekwisha kusema kwa maandishi kwamba hairudii. Hospitali ina mafundi wawili tu. Ampe mwaka mzima, halafu baada ya hapo aende akawe mkurugenzi mji mkuu? Alisema pia, bila hasira, kwamba hata hao wafadhili hawataamini, maana katika kurasa mbili hakuona hata wodi moja. Kama ana jingine la kumwonyesha, alete kesho.

Shangazi alikunja barua, akaifanya kipepeo cha kujipepea. Alisema basi, Mungu hakupanga, na mafeni ya wodi ya wazazi yanamsubiri. Alitaka ionekane ni mzaha, lakini shingo yake ilikuwa imelegea kama ya mtu aliyekesha na mgonjwa.

Nikasimamisha ufagio wa deki ukutani. "Shangazi, mbona hukuandika habari za vichujio?"

"Vichujio gani?"

"Vya mashine za oksijeni. Ulivyonifundisha."

Alicheka kweli, mara ya kwanza siku ile. "Mwanangu, niwaambie watu wa ufadhili habari za sponji na sabuni?"

Ni kweli ni sponji. Mashine ya oksijeni huvuta hewa ya chumbani, na mlangoni pa hewa pana kichujio cha sponji kinachozuia vumbi. Kikiziba, mashine inahema, inapata joto, mwisho inakufa. Mwaka uliopita Shangazi alikuwa amechoka kupokea mashine zilizokufa kwa vumbi, akanionyesha namna ya kukitoa, kukifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kukisuuza, kukikamua ndani ya kitambaa na kukianika kivulini mpaka kikauke kabisa. Wakati huo mashine inavaa kichujio cha akiba. Tangu hapo, kila Jumatatu, nimefanya hivyo wodi ya watoto, kwa sababu ndiyo wodi yangu. Wodi nyingine hakuna aliyeambiwa.

Nikachukua daftari la karakana, lile linaloandikwa kila mashine inapoingia, tarehe, wodi na ugonjwa wake. Mimi ndiye nisukumaye toroli la kuletea mashine karakanani, kwa hiyo nilijua nitakachokikuta, ila nilitaka akione kwa macho yake. Tulihesabu pamoja, yeye akisoma na mimi nikikunja vidole. Kwa miezi minane wodi ya watoto, yenye mashine tano, ilikuwa imeleta mashine moja tu, nayo ni plagi iliyoungua. Wodi ya wanaume na wodi ya wazazi, zenye mashine sita kwa jumla, zilikuwa zimeleta mara kumi na moja. Tisa kati ya hizo Shangazi mwenyewe alikuwa ameandika, kwa mkono wake: vumbi.

Alirudia kuhesabu peke yake. Kisha akaniangalia kama vile ndiyo kwanza nimeingia mlangoni.

"Hili ulilijua tangu lini?"

Nikamwambia tangu toroli lilipoanza kunichosha upande mmoja tu.

Mchana ule aliandika mwenyewe, kwenye meza ya kutengenezea, mashine ya kupimia presha ikiwa imefunuliwa tumbo pembeni yake. Alinisomea. Sehemu ya kwanza ilieleza wodi ya watoto na hesabu ya daftari. Ya pili ilisema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilikiri: kwamba anajua kutengeneza, lakini hajui kupanga matunzo ya mashine mia mbili, wala hajui kumfundisha mtu asiye fundi kwa namna ambayo atamfundisha mwingine, wala kupima kama mafunzo yameshika. Ya tatu nikaikariri kwa kuwa niliisikia mara nyingi:

"Nitarudi kwenye karakana hiihii. Katika miezi sita ya kwanza nitaanzisha matunzo ya kila wiki katika wodi zote nane, yakifanywa na wasafishaji na kuthibitishwa na muuguzi wa zamu. Katika mwaka wa pili nitayapeleka kwenye vituo vya afya sita vinavyotuletea mashine zao. Kipimo changu ni daftari la karakana: mashine zinazoingia kwa sababu ya vumbi zipungue kwa nusu."

Jioni mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Aliuliza taasisi imekwenda wapi. Shangazi akamwambia imefungwa kwa kukosa mkurugenzi. Mwalimu alijaribu kuokoa neno moja, mageuzi, akalisogeza huku na huku katika ukurasa, hakupata pa kulikalisha. Mwisho alirekebisha nukta mbili na koma moja, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kihalali kwamba barua imesimama.

Alhamisi nilikuwa nje ya ofisi ya Daktari Mkuu na ndoo yangu, nasugua kizingiti ambacho, nikiri, kilikuwa safi tayari. Mlango ulikuwa wazi. Daktari alisoma kimya. Kisha akasema hii sasa ameielewa, lakini ana swali moja. Mwaka huo ambao Shangazi hatakuwepo, huyo wa kufua vichujio wodi ya watoto naye akichoka, si kila kitu kitarudi kilipokuwa?

Shangazi aligeuka, akaniita.

Niliingia mikono ikidondoka maji. Daktari Mkuu alinitazama, akatazama barua, akaniuliza kama ndiye mimi wa hesabu hii. Nikasema ndiyo, Daktari.

"Kichujio ukikirudisha kibichi inakuwaje?"

"Unyevu unaingia ndani, Daktari, mashine inaharibika mahali ambapo hata Shangazi hawezi kupatengeneza. Ndiyo maana kuna cha akiba."

"Na wauguzi? Watakubali kusimamiwa na msafishaji?"

"Sitawasimamia wauguzi. Nitawaonyesha wasafishaji wenzangu. Muuguzi atatia sahihi tu kwamba ameona kichujio kisafi kimewekwa."

Alizungusha kalamu kidogo. Akasema ataandika, lakini kwa sharti. Hataki ahadi tupu. Nianze leo wodi ya wanaume, Shangazi akiwa bado yupo wa kunisahihisha, na barua iseme tumeanza.

Bibi msafishaji wa wodi ya wanaume, mwenye miaka mingi kazini kuliko mimi duniani, aliniuliza tangu lini mashine zinaogeshwa. Nikamwonyesha kichujio chake. Kilikuwa kizito na cheusi kama mkate ulioungua. Alikinusa, akakikataa kwa mkono, kisha akaniamuru nisogee afundishwe vizuri, asije akaonekana mchafu kuliko watoto.

Ijumaa saa nne fomu iliondoka, ikiwa na karatasi ya Daktari Mkuu yenye muhuri. Mwezi uliofuata watu watatu walimhoji kwa kompyuta. Mmoja alitaka kujua atafanyaje akirudi na kukuta mkuu mwingine wa hospitali. Shangazi aliwaambia kazi hiyo haiko mezani kwa mkuu, iko kwenye ndoo nane, na mkuu mpya atakayetaka kuiondoa itabidi azikusanye mwenyewe. Walicheka, akadhani amejiharibia. Wakampa nafasi.

Sasa ana miezi minne huko. Jumapili hupiga simu, na mwalimu huipokea amevaa shati la kutokea. Wiki iliyopita mwalimu alimuuliza kuhusu baridi, akamuuliza kama anakula, akaanza kumweleza jinsi nyumba ilivyo kubwa bila yeye. Shangazi alijibu yote vizuri, kisha akamwomba anipe simu, kwa sababu mwalimu wake wa huko anataka hesabu za daftari.

Nikamsomea. Wodi nne zimekwisha kuanza. Vumbi mwezi huu: mashine moja, ya wodi ambayo bado.

"Ipi?" aliuliza.

"Ya upasuaji. Naanza nayo kesho."

Nikasikia kalamu yake ikiandika huko aliko. Mwalimu alikuwa amenyoosha mkono akisubiri simu yake, lakini Shangazi alikuwa bado ana maswali matatu.