Uji Uliotoka Mlangoni

Ukimsikiliza Mama Fortunée wa nyumba ya pili, Joëlle alifukuzwa kazi kama mwizi: mlinzi alimvua kikwembe chake cha kiunoni pale langoni, sufuria ya uji ikaanguka, watoto wakamzomea.

"Minye nilisikia kwa muntu aliona na macho yake," Fortunée alisema pale bombani. "Na kila siku ya Yenga anakomunia kanisani, ee!"

Joëlle alikuwa nyuma ya ukuta na ndoo yake. Akarudi nyumbani bila maji.

Hakufukuzwa. Tangu viwanda vya Likasi visimame, alipika uji kwenye kituo cha kulisha watoto waliokonda. Sheria ya pale ni moja: mtoto anakula palepale, maana uji ukifika nyumbani unagawanywa kwa wote. Mara mbili Joëlle aliutoa chini ya kikwembe. Chef Séraphin, mkuu wa kituo, anayekuja kutoka Lubumbashi kila Ijumaa, alimwita, akafunga mlango, akamwonya kwa mdomo. Joëlle alikubali kosa, ila hakumtaja mama aliyepelekewa uji.

Jumatatu e-mail yake ikaja. Kituo kizima kina anwani moja, inayopita kwa redio ya mawasiliano. Barua ya mpishi lazima Nicolas wa redio aisome kwanza. Joëlle alitamani ardhi immeze.

"Mama, ikala," Nicolas akasema polepole, akimsogezea kiti. "Ni Kifaransa, nitakugeuzia. 'Bonjour Joëlle. Ijumaa tarehe 15 Oktoba nilikupa onyo la mdomo juu ya uji uliotoka kituoni Jumanne na Alhamisi. Ulikubali. Sikusema umeiba. Kuanzia sasa, uji wote unaliwa kituoni. Mtoto asipokuja, mwambie muuguzi siku ileile, atamfuata. Tutaangalia tena pamoja Ijumaa tarehe 12 Novemba. Ikirudiwa, litafuata onyo la maandishi. Kama kuna lisilo kweli, nijibu.'"

Nicolas akaweka vidole tayari. "Nitaje ule mama ulipelekea uji?"

"Andika: yote ni kweli."

Alasiri akaenda kwa Fortunée na karatasi ya ile e-mail mkononi. Mume wa Fortunée alikuwa contremaître, msimamizi wa wafanyakazi kiwandani, na mke wa contremaître angekaaje kwenye mkeka wa kituo pamoja na watu wa foleni, mtoto mapajani, kijiko mkononi? Ndiyo maana uji wa mtoto wake Rolly ulikuwa unaingia kwa mlango wa nyuma.

Fortunée alipoiona karatasi, sauti ikashuka. "Walikufukuza?"

"Hapana. Na jina yako haiko mule."

Fortunée akaangalia miguu yake. Mlangoni Rolly alikuwa anakwangua kikombe kisicho na kitu.

"Yaya, dada yangu, siwezi kuleta tena," Joëlle akasema. Naye aliona haya, kana kwamba ndiye anayeomba chakula. "Kesho twende wote. Nitakaa na weye pa mukeka, watu waniangalie minye. Utamuleta?"

Fortunée akageuka, akaanza kuanua nguo kambani, moja moja, kana kwamba zimekauka, nazo bado zinachuruzika maji.