Sifuri Tatu za Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu wa hesabu alikodolea macho karatasi ya matokeo ya Kidato cha Pili mpaka macho yakamuuma. Wastani wa hesabu muhula wa kwanza ulikuwa 31, wa pili 38, na huu wa tatu 42. Daraja D tena! C inaanzia 45, na Mkuu wa shule alishasema: bila C, darasa anapewa mwalimu mwingine. Darasa lake, alilolipigania mwaka mzima! Roho ilimuuma, asikwambie mtu.

"Dada, hebu njoo uone," mwalimu wa taaluma alimwita kwenye kompyuta. "Hawa watatu si walihama tangu muhula wa pili?"

"Walihama, ndiyo."

"Sasa mbona umewapa sifuri? Wenzako wote wameacha wazi."

"Mimi kuacha kisanduku kitupu? Siwezi, kaka. Mkono unawasha."

Mwalimu wa taaluma akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Kisanduku kitupu kompyuta inakiruka. Sifuri inaihesabu kama mtu! Umegawanya alama 1,890 kwa watu 45, na waliofanya mtihani ni 42."

Mwalimu wa hesabu hakusubiri kompyuta. Alishagawanya kichwani. Arobaini na tano kamili! Alipiga kelele, karani wa chumba cha pili akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Mkuu alirudia hesabu mwenyewe kwa kalamu. Mzee yule hana habari ya kukadiria, 44.9 kwake ni D, usimbembeleze. Akauliza, "Nani aliweka sifuri hizi?"

"Mimi, Mkuu."

"Mwalimu wa hesabu!" Akatikisa kichwa, akatia saini huku mabega yakimcheza kwa kicheko. "Haya, darasa ni lako. Visanduku vitupu uviache hivyo hivyo."

Karatasi mpya ilipobandikwa ubaoni, darasa zima lilirukaruka. Binti mmoja tu alisimama pembeni. Jana alikuwa wa 42 kati ya 45, leo ni wa 42 kati ya 42.

"Mwalimu, jana nilikuwa na watatu nyuma yangu," alisema, akijaribu kutabasamu. "Umewafukuza."

"Hesabu umepata ngapi?"

"Kumi na tisa." Akainamisha kichwa. "Muhula uliopita saba."

"Njoo hapa, mama." Mwalimu akatoa kalamu, akaandika kiganjani mwa binti: 1,889 gawanya kwa 42. "Fanya."

Binti akakokotoa, midomo ikichezacheza, akakwama, akarudia. "Arobaini na nne... nukta tisa."

"Hiyo ni daraja gani?"

"D."

"Basi ungekosa alama moja tu kati ya zile kumi na tisa zako, leo nisingekuwa mwalimu wenu."

Binti alitazama kiganja, akamtazama mwalimu, kisha akageukia wenzake na kupaza sauti: "Jamani! C hii nimeileta mimi!"

Wakambeba juu juu.